Kijipicha, sura na skrini ya mwisho: mwongozo kamili kwa video ndefu ya YouTube inayofundisha kazi ya mikono

Mtu wa Goma anayetaka kujua namna ya kutengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hafungui YouTube ili aangalie dakika kumi na nne mfululizo. Huenda ubao anao na magurudumu ameshayachonga, na kinachomsumbua ni jinsi ya kushikiza mpira wa tairi kuukuu kwenye gurudumu la mti bila kulipasua. Anaona safu ya picha ndogo, anachagua moja, kisha anavuta kidole kwenye mstari wa muda akitafuta sehemu yake, huku akijua kwamba kila dakika inamla mega. Akiikosa anaondoka. Akiipata anaiangalia, na ikifika mwisho anaamua kama ataendelea na chaneli ile au ataifunga.

Katika hatua hizo tatu mwenye video ana vyombo vitatu vya kumsaidia, navyo ni kijipicha, yaani ile picha ndogo inayoonekana kabla video haijafunguliwa; sura, yaani mgawanyo wa video katika sehemu zenye majina kwenye mstari wa muda; na skrini ya mwisho, yaani visanduku vinavyoweza kubofywa katika sekunde za mwisho. Wengi huviandaa baada ya video kukamilika, kila kimoja kivyake, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kijipicha hutoa ahadi, sura huonyesha mahali ahadi inapotimizwa, na skrini ya mwisho humpokea mtu ambaye ahadi yake imetimizwa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ya kupanga vyote vitatu kabla kamera haijawashwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: video ya dakika 14 na sekunde 20 ambamo fundi wa mbao wa Goma anatengeneza chukudu, kuanzia ubao mbichi hadi kujaribu mzigo. Takwimu za mfano huo nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri. Masharti ya YouTube nitakayoyataja ni ya kweli. Kwa kuwa simu na kompyuta nyingi kwetu zimewekwa katika Kifaransa, kumbuka kwamba kwenye skrini utasoma "Miniature" kwa kijipicha, "Chapitres" kwa sura na "Écran de fin" kwa skrini ya mwisho.

Andika sura kabla ya kupiga video

Anza na karatasi. Andika maswali ambayo mtu angemuuliza fundi akiwa amesimama kando yake: mti gani unafaa, ubao wa kati unakatwa namna gani, gurudumu linachongwaje liwe duara kamili, mpira unashikizwaje, usukani unafungwa wapi, breki inafanya kazi vipi, kazi nzima inachukua muda gani. Kila swali lenye uzito litakuwa sura moja. Swali ambalo jibu lake halifiki nusu dakika liunganishe na jirani yake, kwa sababu sura fupi mno husongamana kwenye mstari wa muda, na kwenye simu ndogo kidole hakiwezi kuzitenganisha.

Faida ya kuandika mapema ni kwamba fundi mwenyewe ataongea kwa mpangilio huo. Mwambie hivi kabla ya kuanza: "Papa, tukifika kwenye mpira wa tairi, naomba usimame kidogo, useme tunaanza kazi ya mpira, ndipo uchukue nyundo." Kituo hicho kifupi kina kazi kubwa wakati wa kuhariri. Mtazamaji anayeruka moja kwa moja hadi sura ya mpira anatua penye sentensi inayoanza, badala ya kudondokea katikati ya maneno ambayo hayamhusu. Nimeona video nyingi za mafundi zenye sura nzuri kwa majina ambazo kila moja inaanza fundi akiwa amemaliza nusu ya jambo, na mtu anayetua hapo hulazimika kurudi nyuma kutafuta mwanzo, jambo ambalo sura ziliwekwa ili kumwepusha nalo.

Kuweka sura zenyewe

Sura huwekwa kwa kuandika saa ya kuanzia, yaani dakika na sekunde ambapo sura inaanza, pamoja na jina lake katika sehemu ya maelezo ya video, kila sura kwenye mstari wake, iwe unatumia Studio ya YouTube kwenye kompyuta au programu yake kwenye simu. Hakuna kitufe maalumu cha kubonyeza; YouTube inaposoma orodha iliyo sahihi, inaigawa video yenyewe. Masharti ni manne, na moja tu likivunjwa sura hazitokei. Mstari wa kwanza lazima uanze na 0:00. Lazima kuwe na saa za kuanzia zisizopungua tatu. Saa lazima zipande kutoka ndogo kwenda kubwa. Na kila sura lazima iwe na sekunde 10 au zaidi.

Kwa video yetu ya chukudu, orodha itakuwa hivi:

```
0:00 Chukudu iliyokamilika na vipimo vyake
0:48 Kuchagua mti na kuukausha
2:35 Kukata ubao wa kati
4:50 Kuchonga magurudumu
7:40 Kushikiza mpira wa tairi kwa misumari
9:55 Kufunga usukani na breki
12:10 Kujaribu na mzigo: muda na gharama ya kazi
```

Tazama jinsi majina yalivyoandikwa. Hakuna "Utangulizi", kwa sababu neno hilo linamwambia mtu kwamba sehemu hii inaweza kurukwa, ilhali sekunde 48 za kwanza ndizo zinazoonyesha chukudu yenyewe na vipimo vyake. Hakuna pia "Hitimisho" wala "Asante", na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye skrini ya mwisho. Kuanzia la pili, kila jina linaanza na neno lenye kazi ndani yake, kwa kuwa simu hukata majina marefu na mara nyingi ni maneno mawili au matatu ya mwanzo tu yanayosomeka. "Kushikiza mpira" likibaki peke yake bado linaeleweka. "Sehemu ya tano ya kazi yetu" likikatwa linabaki bila maana.

Ukishahifadhi, fungua video kama mtazamaji wa kawaida, kwenye simu, na uangalie kama mstari wa muda umegawanyika. Usipogawanyika, chunguza mambo haya kwa mpangilio huu. Kwanza tazama kama 0:00 ipo na kama ndiyo saa ya kwanza katika maelezo yote. Kosa la kawaida ni kutaja saa nyingine juu ya orodha, kwa mfano kuandika katika aya ya kwanza kwamba "mpira wa tairi unaanza 7:40". YouTube inasoma saa hiyo kama sehemu ya orodha, na mpangilio unavurugika. Pili tafuta saa iliyoandikwa vibaya, kama 4:05 mahali pa 4:50, maana hitilafu ndogo kama hiyo inaweza kufanya sura moja iwe fupi mno au irudi nyuma ya nyingine. Tatu, kama orodha ni safi kabisa, angalia hali ya chaneli yenyewe, kwa kuwa chaneli yenye onyo linaloendelea la kuvunja kanuni inaweza kunyimwa sura hadi onyo hilo liishe.

Kuna kosa jingine ambalo halizuii sura kuonekana, na kwa hiyo ni baya zaidi. Ukikata kipande cha video katika kihariri cha YouTube baada ya kuandika saa, tuseme umeondoa sekunde 20 za kelele za pikipiki mwanzoni, saa zilizo katika maelezo hazijisogezi zenyewe. Sura zote zitachelewa kwa sekunde 20, na anayeruka kwenda kwenye mpira wa tairi atakuta msumari wa kwanza umeshapigiliwa. Kila unapokata, hesabu upya.

YouTube inaweza pia kutengeneza sura yenyewe kwa mashine, ukiacha ruhusa hiyo katika mipangilio ya video. Kwa mazungumzo ya hapa kwetu, ambapo fundi anaanza sentensi kwa Kiswahili, anataja vifaa kwa Kifaransa na kumalizia kwa Kinande au Kihunde, siishauri njia hiyo kwa video ya kufundisha. Orodha uliyoiandika mwenyewe hutangulia ile ya mashine, hivyo huna haja ya kuhangaika na mipangilio mara ukishaandika yako.

Sura zinavyobadilisha namna watu wanavyoangalia

Wapo wanaoogopa kwamba sura zitawafanya watu waruke na kuangalia kidogo. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mtu aliyekuja kwa ajili ya mpira wa tairi kweli ataangalia dakika mbili na robo tu. Lakini jiulize angefanya nini bila sura. Angevuta kidole mara tatu au nne, angekosa, angeondoka baada ya nusu dakika. Kwa video ya kufundisha, anayeruka na kupata ni bora kuliko anayetafuta na kukata tamaa, na mara nyingi yeye ndiye anayerudi siku ya pili kuangalia sura inayofuata akiwa na nyundo mkononi. Kwa hadithi au mahojiano yenye mvuto unaojengeka polepole hesabu ni tofauti, na hapo mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuziacha.

Jambo hili linaonekana kwenye mchoro wa udumishaji wa watazamaji, uliomo katika takwimu za kila video ndani ya Studio. Mchoro huo huonyesha ni sehemu gani ya watazamaji waliopo katika kila sekunde. Video isiyo na sura kwa kawaida hushuka kama mteremko mmoja. Video yenye sura zinazotumika hupata vilima vidogo penye mianzo ya sura, kwa sababu watu wanatua hapo. Tuseme katika video yetu kuna kilima kikubwa penye 7:40, na penye 2:35 hakuna kitu. Maana yake ni wazi: watu wengi wanakuja kwa ajili ya mpira, na wachache wanahitaji kufundishwa kukata ubao. Hilo linakuambia video yako inayofuata iwe juu ya nini, na pia linakuambia picha gani iwe kwenye kijipicha.

Sura zina matumizi mengine mawili yanayostahili kutajwa. Utafutaji wa Google unaweza kuonyesha sura kama sehemu za kuruka moja kwa moja, hivyo jina la sura lenye maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta linaweza kuleta mtazamaji ambaye hakuwahi kuona kijipicha chako. Tena, unapotuma video katika kundi la WhatsApp la mafundi, unaweza kuweka sekunde ya kuanzia mwishoni mwa kiungo. Dakika 7 na sekunde 40 ni sekunde 460, na kiungo kinaandikwa hivi:

```
https://youtu.be/KITAMBULISHO?t=460
```

Mahali pa neno KITAMBULISHO weka herufi za video yako. Anayebofya anaanzia penye mpira, na mega zake haziliwi na dakika saba asizozihitaji.

Kijipicha: piga picha yake siku ya kazi

Kijipicha kizuri hakipatikani kwa kusimamisha video na kunasa fremu. Fremu ya mtu anayefanya kazi mara nyingi ina ukungu wa mwendo, mkono umefunika kitu chenyewe, na jua liko nyuma. YouTube itakupendekezea fremu chache kutoka kwenye video, lakini ili upakie picha yako mwenyewe ni lazima kwanza uthibitishe akaunti kwa namba ya simu; fanya hivyo mapema, usingoje usiku wa kutoa video.

Wakati fundi anashikiza mpira, msimamishe kwa dakika mbili upige picha za kijipicha. Sogea karibu. Gurudumu lijaze zaidi ya nusu ya picha, mkono mmoja ushike mpira, nyundo iwe imeinuliwa, msumari uonekane. Uso wa fundi unaweza kuwemo kama anatazama gurudumu, kwa sababu macho ya mtazamaji hufuata macho ya mtu aliye pichani. Ukuta wa nyuma usiwe na vitu vingi. Mawe meusi ya lava tuliyo nayo kila mahali mjini yanafaa sana kama usuli, kwa kuwa mti mweupe uliochongwa karibuni hutokeza vizuri mbele ya weusi huo.

Ukubwa unaofaa ni pikseli 1280 kwa 720, yaani uwiano wa 16 kwa 9, na upana usipungue pikseli 640. Faili iwe JPG au PNG, na ukiiweka chini ya MB 2 haitakusumbua hata ukipakia kwa simu. Maneno yawe machache, matatu au manne, nayo yasirudie kichwa cha video. Kama kichwa ni "Jinsi ya kutengeneza chukudu imara hatua kwa hatua", kijipicha kinaweza kusema "Mpira usitoke tena", maana hilo ndilo tatizo ambalo wenye chukudu wanalo barabarani. Usiweke chochote muhimu kwenye kona ya chini kulia, kwa sababu hapo ndipo YouTube inapoandika urefu wa video, na kisanduku hicho cheusi kitafunika neno lako au ncha ya gurudumu.

Sasa jaribu picha katika hali ambayo watu wataiona. Jitumie kwenye simu, ipunguze hadi upana wake ufanane na vijipicha unavyoviona ndani ya YouTube, punguza mwanga wa skrini, toka nje juani. Ukiweza kusema ni kitu gani kilichomo bila kusogeza simu karibu na macho, picha imefaulu. Ukiona umbo la kahawia tu na maandishi yasiyosomeka, ongeza mwanga wa kitu chenyewe, ondoa usuli na ukuze herufi. Ni bora kuondoa neno moja kuliko kupunguza herufi ili yote yaenee.

Jambo la kukataa kabisa ni kuweka kitu kisichomo ndani ya video. Katika mji wetu kishawishi kinajulikana: mtu anaweka moto wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 nyuma ya video ya useremala, au picha ya ajali, akijua kwamba watu watashtuka na kubofya. YouTube ina kanuni dhidi ya vijipicha vya kupotosha na vya kutisha, na inaweza kuviondoa. Lakini hata kama haikuviondoa, aliyebofya ataona ndani ya sekunde kumi kwamba amedanganywa, na kuondoka kwake kutaandikwa kwenye mchoro wako. Zaidi ya hayo, watu waliopoteza nyumba katika moto huo ni majirani zetu, na maumivu yao si chambo.

Kusoma kama kijipicha kimefaulu

Katika takwimu za Studio kuna namba mbili zinazohusu kijipicha. Ya kwanza ni idadi ya mara kilivyoonyeshwa; YouTube huhesabu onyesho pale ambapo kimekaa kwenye skrini zaidi ya sekunde moja, na angalau nusu yake ikionekana. Ya pili ni asilimia ya maonyesho yaliyozaa kubofya. YouTube yenyewe inasema kwamba nusu ya chaneli na video zote zina asilimia kati ya 2 na 10. Upana huo unakuonyesha kwamba kujilinganisha na chaneli ya mtu mwingine hakukusaidii. Jilinganishe na video zako mwenyewe za aina ileile.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi wa kwetu. Watazamaji waliokuja kupitia kiungo cha WhatsApp au Facebook hawamo katika hesabu hiyo, kwa sababu maonyesho huhesabiwa ndani ya YouTube tu. Video inaweza kupata watazamaji wengi wiki ya kwanza kupitia makundi, huku kijipicha chake hakijajaribiwa na mtu yeyote. Tazama kwanza watazamaji wanatoka wapi, ndipo usifu au ulaumu picha.

Tena usiisome asilimia peke yake, bali isome pamoja na sekunde 30 za kwanza za mchoro wa udumishaji. Turudi kwenye mfano. Tuseme mara ya kwanza uliweka picha ya chukudu ikishuka kutoka Kibumba imejaa magunia ya kabichi. Ni picha nzuri, na asilimia ya kubofya ikafika 9. Lakini baada ya sekunde 30 walibaki watazamaji 38 tu katika kila 100. Picha iliahidi mwendo na barabara. Video ikafungua na fundi anayepima ubao. Waliobofya walikuwa watu wa aina nyingine. Ukabadilisha picha, ukaweka gurudumu na nyundo, asilimia ya kubofya ikashuka hadi 6, lakini baada ya sekunde 30 wakabaki 61 katika kila 100. Fanya hesabu kwa maonyesho 1,000: picha ya kwanza inaleta watu 90, na kati yao kama 34 wanabaki, ya pili inaleta watu 60, na kama 37 wanabaki, nao ndio waliotaka kitu unachofundisha. Asilimia iliyoshuka, kwa hiyo, haikuwa hasara.

Kama hali ni kinyume, yaani wachache wanabofya lakini wanaobofya wanakaa hadi mwisho, video ni nzima na kijipicha ndicho kinachoificha. Kibadilishe hata kama video ina mwaka mzima. Kama wachache wanabofya na wanaobofya wanakimbia, rekebisha kwanza mwanzo wa video katika kazi inayofuata, maana picha mpya haitaokoa ufunguzi mbaya.

Kwenye kompyuta, Studio inaruhusu pia kujaribu vijipicha hadi vitatu kwa wakati mmoja kwa video ndefu, mradi akaunti ina ruhusa ya vipengele vya juu. YouTube huwagawia watazamaji picha tofauti, na jaribio linaweza kuchukua hadi wiki mbili. Mshindi huchaguliwa kwa mgao wa muda wa kuangalia, na si kwa kubofya tu. Hivyo ile picha ya Kibumba haingeshinda kwa kelele zake peke yake. Weka picha tatu zinazotofautiana kweli, kama gurudumu, chukudu nzima, na uso wa fundi. Tatu zinazotofautiana kwa rangi ya herufi tu zitakupa jibu kwamba hakuna tofauti, na chaneli yenye maonyesho machache inaweza kumaliza jaribio bila mshindi wowote.

Skrini ya mwisho: sekunde 20 ambazo hazijaaga

Video inayofika sekunde 25 au zaidi inaweza kuwekewa skrini ya mwisho, nayo hukaa kati ya sekunde 5 na 20 za mwisho. Inaweza kubeba visanduku hadi vinne: video, orodha ya video, kitufe cha kujisajili, au chaneli nyingine. Video iliyotangazwa kuwa ya watoto hairuhusiwi kuwa nayo. Kama kitufe hakifanyi kazi, angalia hapo kwanza.

Kosa kubwa hutokea muda mrefu kabla ya kufungua Studio, pale fundi anaposema "Asanteni sana, tuonane tena." Neno hilo ni ruhusa ya kuondoka. Mchoro wa udumishaji unaonyesha ukuta unaoanguka penye shukrani, na visanduku vinatokea baada ya watu kuondoka. Kwa sababu hiyo katika orodha yetu ya sura hatukuweka "Hitimisho", na swali ambalo kila mtu anangojea, yaani kazi inachukua muda gani na inagharimu nini, tuliliweka katika sura ya mwisho. Fundi analijibu hadi 14:00 kamili, kisha bila kuaga anasema: "Chukudu hii breki yake bado ni ya mpira mwepesi. Namna ya kuifanya ishike kwenye mteremko wenye mzigo nimeionyesha kwenye video hii hapa." Kisanduku cha video ya breki kinatokea wakati huohuo, penye mkono wake unapoelekeza. Shukrani zinaweza kufuata wakati kisanduku kipo tayari.

Kwa hiyo piga makusudi sekunde 20 za picha tulivu kwa ajili ya sehemu hiyo: chukudu imeegeshwa upande wa kushoto wa fremu, upande wa kulia uko wazi, fundi anaongea. Usijaze hapo maandishi wala nembo, kwa kuwa visanduku vitayafunika.

Kuiweka ni kazi fupi. Fungua video katika Studio kwenye kompyuta, nenda kwenye maelezo yake, chagua "Écran de fin", ongeza kisanduku cha video, ukivute hadi upande ulio wazi, kisha rekebisha mstari wake wa muda uanze 14:00. Ongeza kitufe cha kujisajili kwenye kona, kianze sekunde chache baadaye. Naishia hapo kwa makusudi: visanduku vinne kwenye simu ya inchi tano vinamfanya mtu asichague chochote.

Kisanduku cha video kina chaguo tatu, nazo ni video mpya zaidi, video inayomfaa mtazamaji kwa uamuzi wa YouTube, au video moja uliyoitaja wewe. Kwa mafunzo yanayofuatana chagua ya tatu, kwa sababu fundi ameitaja kwa mdomo. Kama kwa sasa huna video ya breki, weka inayomfaa mtazamaji, na fundi aseme tu "angalia hii inayofuata". Siku video ya breki itakapotoka, rudi ubadilishe kisanduku. Hilo linawezekana wakati wowote bila kugusa video, ila maneno ya fundi hayabadiliki, hivyo asitaje jina la video ambayo haijapigwa.

Baada ya wiki chache tazama katika takwimu asilimia ya waliobofya kisanduku, na uilinganishe na mchoro wa sekunde zilezile. Kama penye 14:00 watazamaji bado wapo na hawabofyi, video uliyowaelekeza haihusiani na walichotoka kujifunza, au kisanduku kimekaa juu ya kitu kinachokificha. Kama hawapo kabisa ifikapo 14:00, rudi nyuma hadi 13:40 na usikilize kwa makini fundi alisema nini kilichowaaga, ili safari ijayo umwombe alitoe kwenye maneno yake.